Ukuta kwa ukuta kwenye bakgamoni: maswali mnaniuliza kila Jumapili

Kila Jumapili mchana tunacheza kwa kibanda cha chai huku Ngara, na kila Jumapili kuna mtu ananivuta kando baada ya gemu ananiuliza mbona alikuwa mbele halafu akapoteza. Karibu kila mara jibu ni moja, alikuwa kwa vita ya ukuta na hakujua. Kwa hivyo nimeyaweka maswali yote pamoja hapa, soma polepole na ubao ukiwa mbele yako, usijaribu kuyaona yote kichwani.

Kwanza, hizo namba unaandika zinasomwa aje?

Ubao una pointi 24 na kila mtu ana kete 15. Nahesabu kutoka upande wangu. Pointi 1 mpaka 6 ni nyumbani kwangu, 7 na 8 ziko nje tu ya mlango wa nyumbani, 13 ni ile ya katikati yenye unaanza na kete tano, na 24 ni mwisho kabisa, ndani kwa mwenzako, penye kete zako mbili za nyuma huanzia. Nikiandika 13/9 namaanisha kete imetoka 13 ikaenda 9. Mwenzako naye anahesabu kutoka kwake, so 24 yangu ni 1 yake, 22 yangu ni 3 yake. Ukitaka kubadilisha, toa kwa 25.

Ukuta ni nini haswa, na kwa nini kila mtu anaongea kuhusu sita?

Ukishikilia pointi moja na kete mbili au zaidi, mwenzako hawezi kutua hapo. Ukishikilia pointi kadhaa zinazofuatana bila pengo, huo ndio ukuta. Dadu moja namba yake kubwa ni 6, na hata ukirusha mbili pamoja kete inatua kwanza kwa namba ya moja ndio iendelee na ya pili. Kwa hivyo pointi sita zikifuatana hakuna rusho duniani la kuruka, hata dabo ya 6. Kete iliyo nyuma yake inakaa mpaka wewe uamue kufungua.

Pengo moja tu linaharibu yote. Mtu ana pointi 4, 5, 6, 8 na 9 ananiambia ako na tano, hapana, uko na tatu na mbili, na ile 7 ndio mwenzako ataweka mguu. Hilo shimo ndio kitu ya kwanza naangalia mtu akinionyesha ubao wake.

Ukuta wa tano hautoshi?

Unatosha kufanya kazi kubwa lakini inategemea kete yake imekaa wapi. Tuseme uko na 4, 5, 6, 7 na 8. Kete yake ikiwa kwa 3, yaani imeegemea ukuta kabisa, anahitaji 6 yoyote atue 9. Rusho zenye 6 ni 11 kati ya 36. Inasikika kidogo, lakini ukimpa zamu tatu ametoka karibu mara mbili kati ya tatu, so usiketi hapo ukidhani amefungwa.

Sasa irudishe hiyo kete hatua moja tu, iwe kwa 2. Kutoka 2, 6 inampeleka 8 na huko umefunga. Lazima kwanza apate 1 asogee 3, ndio 6 imfae, so kwa zamu moja anatoka na 6-1 peke yake, rusho mbili kati ya 36. Hatua moja inatoa 11 inakuwa 2! Hapo pa kuegemea, hiyo pointi iko mbele tu ya ukuta, mimi napaita mlangoni, na nitatumia hilo neno mpaka mwisho.

Ukuta wa nne, aliye mlangoni anatoka na 5 au 6, hizo ni rusho 20 kati ya 36, zaidi ya nusu. Huo ni wa kumchelewesha tu, usiutegemee kama gereza.

Naanza kuujenga wapi gemu ikianza?

Rusho tatu za kwanza zinajipanga zenyewe. 3-1 unatengeneza pointi 5 kwa 8/5 na 6/5, 4-2 unatengeneza 4 kwa 8/4 na 6/4, na 6-1 unatengeneza 7 kwa 13/7 na 8/7 halafu ghafla uko na 6, 7 na 8 zimefuatana. Baada ya hapo unashusha kete kutoka 13 zikae 9, 10 au 11, ju hizo ndizo matofali. Ile tabia ya kurundika kete tano kwa 6 na nne kwa 8 ati ziko salama ndio inakunyima ukuta.

Ukuta kwa ukuta ndio nini sasa?

Ni wakati wewe umefunga kete zake na yeye pia amefunga zako, wote wawili mna kuta ndefu na wote wawili mna wafungwa. Hakuna mtu anaeza kukimbia. Lakini dadu hazingoji, kila zamu lazima ucheze namba ulizopata kama zinachezeka. Kete zako za nyuma haziwezi kutoka, kwa hivyo unacheza na zile za ziada, na zikiisha unaanza kubomoa ukuta wako mwenyewe kwa mkono wako. Anayebomoa kwanza ndiye mara nyingi anapoteza.

Ndio maana kwa hii vita kuwa mbele kwa hesabu ya hatua ni hasara. Watu wanakataa nikisema hivyo kwa sababu tumezoea bakgamoni ni mbio. Hapa aliye nyuma ana hatua nyingi zaidi za kuchoma kabla ukuta wake uguswe. Hiyo ndio tunaita taimingi.

Nahesabu aje nani ataishiwa kwanza?

Usihesabu ubao mzima. Angalia kete za ziada tu, zile ziko nje ya ukuta wako na zinaeza kusogea. Kila moja uliza, inaeza kutembea hatua ngapi kabla iwe imekufa kule ndani? Jumlisha. Halafu kumbuka rusho la kawaida ni hatua 8 na kidogo. Ukiwa na hatua 30 za ziada uko na zamu tatu hivi, nne ukibahatika. Mwenzako akiwa na 6 hana hata zamu moja nzima.

Kete zake za nyuma zihesabu pia lakini kwa uangalifu. Iliyofungwa haina hatua, isipokuwa ile kidogo ya kusogea mpaka mlangoni.

Tuonyeshe mfano wa kweli, sio maneno tu.

Sawa, hii ni ya wiki mbili zimepita na niliichora kwa karatasi jioni hiyohiyo. Panga ubao wako.

Mimi: kete mbili mbili kwa 8, 7, 6, 5 na 4, ukuta wa tano. Kete tatu kwa 13. Kete mbili kwa 24.

Yeye, nikihesabu kutoka upande wake: kete mbili mbili kwa 8, 7, 5, 4 na 3, na tatu kwa 6. Huo ni ukuta kamili wa sita, kutoka 3 mpaka 8. Kete zake mbili za mwisho ziko kwa pointi 2 yangu.

Wasee waliokuwa wamesimama nyuma yetu na vikombe vya chai wote walisema ananimaliza. Ukiangalia tu kwa macho, yeye ana sita na mimi nina tano, hatua zake zimebaki 118 na zangu 147. Kete zangu mbili hazina njia yoyote ya kutoka.

Lakini angalia za ziada. Mimi nina tatu kwa 13, kila moja naeza kuishusha mpaka 3, hatua kumi kumi, jumla 30. Yeye ana moja tu, ile ya tatu kwa 6 yake. Inaenda wapi? Kwa 1 yake kumekaa kete zangu mbili so haitui huko, mwisho wake ni 2, yaani hatua nne. Ongeza zile mbili za nyuma, kila moja inaeza kusogea hatua moja kufika mlangoni kwangu. Jumla sita, na mbili kati ya hizo anazipata akirusha 1 tu.

Sasa mpe rusho lolote lenye 5. Ya ziada haiwezi, 6/1 imezibwa na mimi. Inabaki 8/3 au 7/2, zote zinatoa tofali kwa ukuta. Mpe 6, itachezeka 8/2 tu, tofali tena. Rusho zenye 5 au 6 ni 20, toa 6-1 ambayo inamtoa kabisa kwa kusogea mlangoni halafu kuruka, zinabaki 18. Nusu ya dadu zote zinambomoa zamu inayofuata, na hapo sijahesabu rusho kama 4-3, 3-3 na 4-4 ambazo pia zinambomoa.

Nikarusha 4-1.

Na ukacheza nini? Si 13/8 ndio salama?

Hiyo ndio wote walinishauri, 13/8, kete inatua juu ya zingine hakuna anayebaki peke yake. Iko salama kweli lakini haijengi kitu. Ukuta unabaki wa tano na mlango uko wazi kwa 6 siku akifika hapo.

Wengine walitaka 13/9 na 24/23, nisogee mlangoni kwake nijitayarishe kuruka. Hiyo ndio mbaya kabisa kwa maoni yangu, na nitaeleza kwa nini ju ndio siri ya hii pozi yote. Kete zangu mbili zikiwa pamoja kwa 24 zinamnyima 1 yake. Nikiondoa moja, inayobaki iko peke yake, na ghafla 5 yake inachezeka 6/1 akinipiga na kete ya ziada, yaani inatua juu ya yangu na kuitoa ubaoni, na ukuta wake haujaguswa. Ningekuwa nimemzawadia zile 5 zote ambazo saa hii zinamuua. Tena nakimbilia mlango wa nini, na ukuta wake ni wa sita? Hakuna kuruka sita. Ngoja kwanza abomoe.

Nilicheza 13/9 na 13/12.

Kete tatu zimebaki peke yao, moja kwa 13, moja 12, moja 9, na watu wakashika vichwa. Lakini nani atazipiga? Kete zake huku kwangu ziko kwa 2, na njia ya kutoka ni 6-1 peke yake. Hiyo 6-1 ingemtoa hata kama singeacha kitu hapo. So hatari ni 2 kati ya 36, na faida ni kwamba nimeweka tofali la kwanza kwa 9. Nikilifunika, nina 4, 5, 6, 7, 8, 9, ukuta kamili.

Na kwa nini ile 1 niliicheza 13/12? Ndio nipate namba mbili tofauti za kufunika. Kutoka 13 nafunika na 4, kutoka 12 nafunika na 3. Rusho zenye 3 au 4 ni 20, ongeza 2-1 mara mbili, 1-1 na 2-2, jumla 24 kati ya 36. Kete mbili zikibaki pamoja kwa 13 zingehitaji 4, au 3-1, 2-2, 1-1, jumla 15 tu. Hatua moja ndogo ikaongeza rusho tisa. Kete za kujengea usizirundike pamoja, zitawanye ziangalie shimo kutoka umbali tofauti.

Ikaisha aje?

Akarusha 5-2. Akafanya vizuri hapo, lazima niseme, alicheza 8/3 na 8/6, akaachia pointi ya nyuma kabisa bila kuacha kete peke yake, akabaki na ukuta wa tano kutoka 3 mpaka 7. Ukilazimika kubomoa, bomoa kutoka nyuma hivyo, usitoboe katikati. Na kumbuka sasa 6 zake hazichezeki tena popote, kwake hiyo ni nafuu kubwa ju namba isiyochezeka haibomoi.

Mimi nikapata 3-1. 12/9 na 13/12. Ukuta wa sita, na kete moja ya ziada kwa 12. Zile kete zake mbili zikawa zimefungiwa, kama mat iko kwa jam ya Mombasa Road saa kumi na moja jioni, dereva amezima injini.

Akarusha 5-4. Ile 5 ni 7/2 tu, hana nyingine. Ile 4 akachagua kati ya 7/3 na 6/2. Akacheza 6/2, akapata pointi 2, lakini akaacha kete moja peke yake kwa 7 yake, na kete zangu kwa 24 ziko mlangoni pa ukuta wake mpya wa 2 mpaka 6. Nikihitaji 6 yoyote, 11 kati ya 36. Angecheza 7/3 angeacha moja peke yake kwa 2 na ningehitaji 1 yoyote, 11 pia. Nikarusha 6-2, nikampiga.

Ilikuwa bahati kiasi, nakubali. Ila hata ningekosa, mimi bado nilikuwa na ya ziada kwa 12 na yeye alikuwa anarudi kwa dadu bila akiba. Bahati huja kwa aliye na zamu zimebaki.

Mbona usimpige kila unapopata nafasi? Kupiga si ni kuzuri?

Kwa vita hii kupiga kunaeza kuwa ni kumsaidia. Fikiria, kete iliyopigwa inakaa kwa baa, pale katikati ya ubao, na lazima iingie kwanza kabla acheze chochote kingine. Asipoingia, zamu imepita na ukuta wake umekaa vile ulikuwa, hajabomoa hata tofali moja. Na akiingia, ana kete nyingine ya kutembeza hatua moja moja huko nyuma wakati kwake kunatulia. Umempa taimingi ambayo hakuwa nayo. Nimeona mtu ako karibu kubomoka, mwenzake anampiga kwa furaha, zamu tatu anakosa kuingia, na wakati huo aliyepiga ndiye ameishiwa akaanza kubomoa yake.

Kwa hivyo jiulize kwanza: zamu inayofuata atalazimika kubomoa? Kama ndio, muache abomoe. Kwenye mfano wangu nilipiga kwa sababu ukuta wangu ulikuwa tayari kamili, ilikuwa inaongeza mfungwa wa tatu, na kete yangu ilikuwa inatoka gerezani kwa hiyo hiyo 6.

Kuna wakati mmoja kupiga ni lazima. Ukuta wako ni wa tano, 4 mpaka 8, na kete yake moja iko mlangoni kwa 3. Ukimuacha ana 6 zote, 11. Ukimpiga hapo hapo, hata kama kete yako imebaki peke yake kwa 3, sasa ana kazi ya kuingia kwanza, na kutoka kwa zamu hiyo moja ni 6-3 tu, 2 kati ya 36. Bei yake ni kwamba anaeza kukupiga akiingia, na 3 yoyote, au 2-1, au 1-1, hizo ni 14. Akikupiga inategemea nyumbani kwake kukoje. Kama ameshikilia pointi mbili tatu hivi, piga bila kuogopa. Kama naye ana tano, hesabu mara mbili.

Kete zangu za nyuma nizipeleke mlangoni lini?

Mapema, kabla ukuta wake haujafika tano, hapo ni vizuri sana, ju mwenye kuegemea ana 6 na mwenye kukaa hatua moja nyuma hana kitu. Mkiwa wote na ukuta wa tano na taimingi sawa, aliye mlangoni ndiye ana gemu. Ningetoa hata pointi ya nje ya ukuta kufika hapo.

Ila ukifika hapo peke yako anakupiga, na ukitoka kwa pointi ambayo inamziba, kama vile 24 ilivyokuwa inamziba kwangu, unamfungulia namba. Angalia kila namba yake moja moja, 1 mpaka 6, uone ni gani inambomoa saa hii na ni gani itapona ukisogea. Inachukua nusu dakika. Hakuna njia ya mkato hapo na mimi huifanya kila mara, watu wanaeza kuniambia niharakishe, siharakishi.

Nitajuaje kwamba nimeshaanza kupoteza hii vita?

Kete za ziada zikianza kuishia kwa 1 na 2. Hapo zimekufa, hazisaidii ukuta na hazitarudi. Mbili zikiwa zimekufa na bado umefunga tu nusu ya kazi, badilisha mpango: afadhali utoe kete ya nyuma ikimbie leo na hatari yake kuliko kungoja zamu mbili ukimbie huku nyumbani kumebomoka, ukipigwa wakati huo ndio unaumia.

Dalili nyingine, unaanza kuomba usipate namba fulani. Ukijisikia ukisema isiwe 5, isiwe 5, basi ulitakiwa kufikiria hiyo 5 zamu mbili zilizopita.

Nikishapata ukuta wa sita, nakaa tu?

Huwezi kukaa, dadu zinakuja. Ukiwa na ya ziada itumie kusogeza ukuta mbele pointi moja. Tuseme umeshika 4 mpaka 9 na ana kete mbili kwa 2. Weka ya ziada kwa 3. Anaipiga na 1 tu, 11 kati ya 36, na hata akiipiga bado hawezi kuvuka, amesogea mlangoni pa ukuta wa sita basi. Asipoipiga, unafunika 3 kwa kete kutoka 9 ukirusha 6, au na nyingine ya ziada kama unayo, halafu ile iliyobaki 9 ndio inakuwa ya ziada yako mpya. Sasa ukuta ni 3 mpaka 8.

Kabla uweke hiyo kete peke yake angalia nyumbani kwake. Kama ameshabomoka, pointi zimebaki mbili tatu na kete zingine zimerundikana kwa 1 na 2, weka tu, ukipigwa utaingia na kuzunguka na yeye bado amefungwa. Kama bado ameshikilia tano, subiri zamu moja, tembeza ya ziada hatua ndogo ndogo kwanza, mpe nafasi arushe 5 ama 6 yake. Mimi kwa ile gemu nilisubiri. Alibomoa 6 yake kwanza, kisha 5, na niliposogeza kete kwa 3 kwake kulikuwa na pointi tatu pekee zimebaki zimefungwa.